Babu Masijala Anajibu: Kuhama Idara Bila Kumuudhi Mkuu

Mfuko wa barua wiki hii umetoka Kilosa na Mikumi, na shida ni moja iliyovaa nguo tofauti. Watu hawataki kuacha kazi, wanataka kuhama meza tu, na kinachowakosesha usingizi ni uso wa mkuu wao siku atakapoisoma barua. Mimi nilikaa masijala mpaka nikastaafu. Barua za namna hii nimezigonga muhuri na kuzipa folio, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa majalada.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mhasibu upande wa mapato, halmashauri ya huku Kilosa. Mweka Hazina wetu ndiye aliyenifundisha usuluhisho wa benki, na ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Sasa natamani kuhamia Ukaguzi wa Ndani. Nimeandika barua ya adabu sana, nakala naiambatisha. Nimepanga kuipeleka moja kwa moja kwa Mkurugenzi ili Mzee asiumie. Unaonaje? — Mhasibu Mwenye Haya, Kilosa*

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa burudani. Aya ya kwanza unasema "mazingira ya kitengo" yamekuchosha. Aya ya pili unaomba kwenda "mahali ambapo taaluma inathaminiwa". Aya ya tatu unasema utaimarisha "udhibiti wa makusanyo". Wewe unaita hiyo adabu. Mzee ataisoma hivi: kitengo changu ni kibovu, mimi sithamini watu, na mapato yanavuja. Na mashitaka hayo yameandikwa na bwana harusi wake, anayeomba kwenda ofisi inayotafuta mavujo.

Kosa la barua za kuhama karibu zote liko hapo. Mwandishi anaeleza anakotoka, na kila neno kuhusu anakotoka ni neno kuhusu mkuu, hata liwe tamu namna gani. Eleza unakokwenda. Kule huna wa kumkosea.

Pili, ondoa wazo la kumruka. Barua ya mtumishi kwenda kwa Mkurugenzi hupita kwa mkuu wake wa kazi, na ndiyo maana pale juu huandikwa K.K. Ukiipeleka moja kwa moja, moja kati ya mambo mawili litatokea. Ama katibu muhtasi atakurudishia mlangoni, ama Mkurugenzi ataandika pembeni "Mweka Hazina, naomba maoni yako" na kuishusha. Itamfikia Mzee ikiwa na mihuri miwili na saini ambayo hakuitarajia. Wakuu niliowaona wakinuna hawakununa kwa sababu mtu anaondoka. Walinuna kwa sababu wahudumu wa ofisi walijua kabla yao.

Kwa hiyo unaanza kwa mdomo. Usimwendee Juni, wakati mnafunga mwaka na kila mtu ana stakabadhi zake mkononi, wala katika wiki zinazofuata Juni 30, hesabu za mwisho zinapoandaliwa kwa ajili ya CAG. Usimvizie ukumbini wala kwenye sherehe. Omba dakika kumi ofisini, funga mlango, kisha sema hivi: "Mzee, kabla sijaandika chochote nimeona nije kwako kwanza. Nafikiria kuomba Ukaguzi wa Ndani. Nataka nijue kwa mtazamo wako wakati gani hautaharibu kazi ya mapato." Hukumwomba ruhusa ya kutamani, hilo ni lako. Umemwomba apange wakati, na hilo kweli ni lake. Akipanga yeye, barua itakapofika haitamshangaza.

Halafu kuna jambo ambalo Mzee atakuuliza, na ni vizuri ulijue kabla. Kutoka meza ya mapato kwenda meza ya matumizi ni kusogezwa kiti tu. Mko kitengo kimoja na kada moja, na Mweka Hazina anakupangia mwenyewe. Mhasibu kuwa Mkaguzi wa Ndani ni kubadili kada. Hapo inatazamwa sifa yako kwenye muundo wa utumishi, inatazamwa nafasi kwenye ikama, na kibali kinatafutwa nje ya halmashauri, Utumishi. Wanaobadili kada huweza kuanzia cheo cha kuingilia cha kada mpya, hata kama mshahara wa zamani wanabaki nao kama mshahara binafsi. Uliza Afisa Utumishi kabla hujamtikisa Mzee bure. Nimewahi kuona watu wakigombana na wakuu wao kwa ajili ya nafasi ambayo haikuwapo kwenye ikama.

Lakini kinachomkera mkuu wa fedha hasa si kada. Ni picha ya wewe, unayejua kila droo yake, kurudi mwezi ujao na daftari la hoja. Hapa taaluma imekurahisishia. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vinahesabu kwamba mkaguzi hana uhuru wa kutoa hakikisho juu ya kazi aliyokuwa na dhamana nayo ndani ya miezi 12 iliyopita. Maana yake ni kwamba kwa mwaka mzima hupaswi kukagua mapato uliyoyasimamia. Liandike hilo kwenye barua. Linamtuliza Mzee, na linamwonyesha Mkaguzi kwamba unajua kazi unayoiomba.

Sasa makabidhiano. Mtu wa mapato anayehama ghafla hunuka moshi. Kabla barua haijaondoka, pitia kila mashine ya POS iliyo chini yako: nani anayo, imekusanya nini, benki imeingia nini, na tofauti ni ya nani. Kama kuna mkusanya ushuru wa mazao aliyekula fedha mbichi, yaani aliyetumia makusanyo kabla ya kuyafikisha benki, taarifa yake iwe imeandikwa na kupokelewa kabla hujahama. La sivyo deni hilo litakufuata ukiwa upande wa pili wa meza, na safari hii Mzee ndiye atakayekuwa anakuuliza.

Barua yenyewe nimekuandikia upya. Jina na anwani yako vikae juu kulia kama kawaida.

MKURUGENZI MTENDAJI
K.K.: MKUU WA KITENGO CHA FEDHA NA UHASIBU

YAH: OMBI LA KUHAMIA KITENGO CHA UKAGUZI WA NDANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu katika Kitengo cha Fedha na Uhasibu, sehemu ya mapato. Naomba kufikiriwa kuhamia Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani, kwa kufuata taratibu za kubadili kada, nafasi itakapokuwapo.

Sababu ya ombi ni kutaka kujiendeleza katika taaluma ya ukaguzi. Msingi wa kazi hiyo, hususan usuluhisho wa benki na ufuatiliaji wa makusanyo, nimeupata nikiwa chini ya Mkuu wa Kitengo changu, ambaye nimezungumza naye kabla ya kuandika barua hii.

Kwa ushauri wake, napendekeza kuachiliwa baada ya hesabu za mwaka kuwasilishwa. Kabla ya hapo nitakabidhi kwa maandishi orodha ya mashine za POS, usuluhisho wa benki hadi mwezi wa mwisho na kumbukumbu za madeni ya makusanyo, na nitamwelekeza atakayepangwa katika nafasi yangu. Nikikubaliwa, naomba nisipangiwe kukagua mapato kwa miezi 12 ya mwanzo.

Naomba kuwasilisha.

Angalia shukrani imekaa wapi. Haiko mwishoni kama pipi. Iko ndani ya sababu, kwa hiyo Mzee hawezi kuona umemsifu ili akuachie. Na neno "kwa ushauri wake" uliandike tu kama kweli alikushauri. Akikuta umemsingizia ushauri, rudi nyumbani ukapumzike.

Atakapoipitisha, tazama alichoandika. "Napitisha" peke yake ni heri. "Napitisha, aachiliwe mbadala atakapopatikana" ni mlango uliofungwa kwa tabasamu, maana mbadala asiye na tarehe hapatikani. Ndiyo sababu tumetaja wakati wa kuachiliwa ndani ya barua yenyewe. Asipoandika chochote na barua ikalala kwenye trei, usimkumbushe kila siku. Baada ya wiki mbili, uliza masijala kama imepata folio. Kama bado, mwambie Mzee kwa upole kwamba masijala hawajaiona, na uwaachie masijala lawama. Tumezoea.

*Babu habari. Niko hoteli ya watalii hapa Mikumi, nahudumia mezani. Nataka mapokezi. Msimamizi wa mgahawa ni dada mkali lakini wa haki, na kila nikimgusia anasema "tutaona". Mwenzangu kanishauri nimwambie meneja kwamba mgahawani kuna upendeleo. — Mbeba Trei, Mikumi*

Mwenzako ana nafasi yako akilini, mchunguze. Ukisema upendeleo, meneja hatafikiria uhamisho, ataitisha kikao.

Hesabu kalenda ya dada huyo. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, wanyama wa hifadhi wanaonekana kwa urahisi na wageni ni wengi. Kumnyang'anya mhudumu wakati huo ni kumkata mkono. Mwombe masika, Machi hadi Mei, vyumba vinapopungua. Usiombe kuhamishwa moja kwa moja. Omba zamu mbili kwa wiki za kujifunza mapokezi, wakati mgahawa umelala, kisha mlete mwenzako wa zamu akiwa tayari anazijua meza zako. "Tutaona" ya msimamizi mara nyingi ni swali: nani atabeba trei Jumamosi? Jibu lake lije na jina.

Kabla hujafurahi, piga hesabu ya bakshishi. Mezani mgeni anakupa mkononi, mapokezi anakupa ufunguo. Na ukikubaliwa, usiishie kubadilishiwa shati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, maelezo ya kazi yanapobadilika, ashauriane nawe, ayarekebishe na akujulishe kwa maandishi. Omba karatasi hiyo kwa meneja, na nakala mpelekee dada kwa mkono wako, siku hiyo hiyo.

*Shikamoo Babu, swali fupi. Mkuu wa divisheni yetu yuko Dodoma kikazi wiki hii, na kaimu wake ni rafiki yangu. Je, nipitishe barua ya kuhama sasa hivi? — Dereva, Kilosa*

Marahaba, jibu fupi. Kaimu ana haki ya kusaini, na saini yake ni halali. Lakini Mkuu atarudi Jumatatu, ataletewa majalada yaliyoshughulikiwa akiwa hayupo, na lako litakuwa juu, kwa sababu mtu wa masijala ndiye anayeyapanga. Kisha utaendelea kumwendesha mpaka kibali kitoke, yeye kiti cha nyuma, wewe usukani, na kioo katikati yenu. Msubiri arudi. Akifika Jumatatu, muone Jumatano.