Leseni ya Kupanga Koni

Jirani, mimi naonewa. Nafundisha watoto wa mtaa mpira, bure kabisa, jua la Dar linanichoma utosi, sipewi hata maji ya kandoro. Halafu mzazi mmoja anasimama pembeni ya uwanja, tena mbele za watu, ananiuliza: "Kocha, hivi wewe una leseni?" Nikamjibu mimi natembea na baiskeli. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Sikuwa natania.

Kumbe ukocha siku hizi una makaratasi. Leseni zinatoka CAF, huku kwetu kozi zinaendeshwa na TFF. Kuna D, C, B, A, na juu kabisa ipo Pro. Mimi na akili zangu nikaenda kwa katibu wa chama cha soka cha wilaya, nikamwambia nataka kuanza na A. Si ndiyo ya kwanza? Shuleni mwalimu alituanzishia A. Katibu akaweka kalamu chini. Akamwita mwenzake aje anione. "Mzee, A wanaisomea watu wa Ligi Kuu. Wewe njia yako inaanzia chini ya D."

Chini ya D! Yaani kuna watu wako D, na mimi niko chini yao.

Akanieleza taratibu, maana aliona napumua vibaya. Kwanza unasoma kozi ya grasiruti, ya makocha wa watoto wa miaka 6 hadi 12. Ni mpango wa FIFA, unashushwa mpaka mikoani. Ukitoka hapo unaomba D, ambayo ndiyo mlango wa leseni zenyewe za CAF. Kule D wanakufundisha kuandaa zoezi moja likaeleweka. C unaingia kwa vijana waliokomaa kidogo, unajifunza kupanga mazoezi ya wiki hadi wiki, siyo unaamka tu asubuhi unawaza leo tufanye nini. B ni timu nzima: inakaba vipi, inashambulia vipi, mechi unaisoma vipi na kuirekebisha. A ni wakubwa, msimu mzima, wasaidizi, madaktari, viongozi wanaokupigia simu usiku. Na huruki. Ukimaliza ngazi moja unarudi kwanza kwenye timu, unafundisha, ndipo uombe inayofuata. Nikamuuliza kama kuna njia ya mkato. Akanikumbusha mwaka 2021, Didier Gomes wa Simba, Mfaransa mzima, CAF ilivyomkatalia kukaa benchi kama kocha mkuu kwenye Ligi ya Mabingwa kwa ajili ya hizi hizi leseni. Kama Simba nzima haikupata mkato, mimi mwenye mipira miwili, mmoja mgonjwa, ni nani?

Basi nikalipa ada, ambayo nawe uiulize mapema maana kila kozi ina yake, nikapeleka nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Nikaingia kozini na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nilishachora 4-3-3, ukurasa wa pili 3-5-2 na mishale yake. Nikakaa mbele.

Mkufunzi mwenyewe kijana tu, wa kumtuma sigara. Akaniuliza wale watoto wangu huwa nawafanyisha nini. Nikasimama, nikajieleza kwa madaha. Nina watoto 16. Wanapanga foleni. Mmoja anakokota mpira, anazunguka mawe, anapiga golini, anarudi nyuma ya mstari. Safi, nidhamu, hakuna fujo. Mkufunzi akasema hebu tuhesabu, mzee wangu. Nikajua nimekwisha.

Zamu ya mtoto mmoja ni sekunde ngapi? Nikasema ishirini. Akaandika ubaoni, 16 mara 20 ni sekunde 320. Zaidi ya dakika tano ndipo zamu irudi kwa mtoto yule yule. Zoezi linachukua muda gani? Robo saa. Kwa hiyo mtoto anapata zamu mbili, wengi wanapata ya tatu. Ndani ya robo saa, mtoto kaugusa mpira kwa muda usiozidi dakika moja. Zilizobaki kasimama anachokonoa pua. Darasa zima likanigeukia. Dada mmoja nyuma, mwalimu wa shule ya msingi, akasema kwa upole, "Ndiyo maana wanagombana kwenye foleni." Nani kamuuliza? Lakini ni kweli wanagombana, na mimi siku zote nilikuwa nawazungusha uwanja kama adhabu. Hiyo nayo mkufunzi akaikata. Eti mtoto ukimwadhibu kwa kukimbia, atachukia kukimbia, na mpira wenyewe ni kukimbia.

Akafuta ubao. Watoto 16 ni vikundi vinne vya wanne. Kila kikundi kina kiboksi chake cha koni, kama mita 8 kwa 8, watatu wanapasiana, mmoja katikati anatafuta kunyang'anya. Akinasa, anatoka, anaingia aliyepoteza. Mipira minne inatosha. Nikanyoosha mkono, mimi ninayo miwili. Akasema basi weka viwanja viwili vidogo, wanne kwa wanne, magoli ya koni, bila kipa. Watoto wote 16 wanacheza kwa pamoja, hakuna foleni. Nikanyoosha mkono tena, mpira mmoja ni mgonjwa. Akaniomba nishushe mkono. Ila alikuja kuuangalia, akaniambia hata ule mzima ni namba 5, wa watu wazima, watoto wangu wanahitaji namba 4. Ndiyo maana wanapiga kwa ncha ya kidole halafu wanachechemea. Mimi nilidhani ni uvivu wa kizazi hiki.

Hapo kwenye kiboksi ndipo nilipokaa sana, jirani, maana ndipo palipo na siri yenyewe. Koni nazo zinasema. Ukiona pasi zote zinafika na yule wa katikati anazurura tu kama mgeni msibani, eneo ni kubwa, vuta koni ndani hatua moja. Ukiona pasi tatu hazipigwi bila mpira kunaswa, umewabana, sogeza koni nje. Wakishazoea ndipo unaongeza ugumu, mtu anagusa mara mbili tu. Hubadilishi zoezi, unabadilisha koni. Mimi nilipima mita 8 kwa hatua zangu, na unavyoniona miguu yangu, kiboksi kikawa ukumbi wa harusi. Mkufunzi akapita na futi kamba, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuniambia ni nini. Mpaka leo sijalala vizuri.

Ikaja siku ya mtihani wa vitendo. Unachomoa kikaratasi kwenye kofia, kina mada, unapewa dakika zako unafundisha. Watoto ni nani? Wanakozi wenzako. Watu wazima, matumbo nje, wanajifanya wana miaka minane. Dereva bodaboda mmoja, shingo kama gogo, akaniinulia mkono: "Kocha, naomba nikakojoe." Mwingine analia kasukumwa. Na mkufunzi anataka uwatulize kweli kweli, ndiyo alama zenyewe hizo.

Mimi nikachomoa "kupokea mpira". Rahisi! Nikawakusanya nikaanza kuhutubia. Nikaeleza umuhimu wa kupokea, nikaeleza enzi zetu tulivyopokea, nikagusia na hali ya soka la nchi. Dereva bodaboda akakaa chini. Kisha wote wakakaa chini. Mkufunzi akanionyesha saa: nusu ya muda wangu imeisha na mpira bado uko kwapani mwangu.

Akachukua nafasi kunionyesha. Aliweka kiboksi, akaacha wacheze kwanza. Akasubiri kosa litokee lenyewe. Mtu akapokea mpira kampa mgongo mpinzani, akanyang'anywa. Filimbi. "Hapo hapo, msisogee." Akasema mambo matatu tu: angalia nyuma ya bega kabla mpira haujafika, simama ubavu siyo kifua kizima, na ule mguso wa kwanza uupeleke mpira unakotaka kwenda. Akaonyesha mara moja kwa mguu wake. Akamwambia dereva arudie. "Endeleeni." Hata nusu dakika haikufika. Na cha kunikera, dereva bodaboda akaanza kupokea kama mtu aliyezaliwa na mpira, mimi nikiwa nimesimama pembeni nimeshika koni.

Mambo mengine tuliyapita haraka. Mtoto akigongwa kichwa akawa kama anaota, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni mfungaji wako na mnafungwa. Kocha hakai peke yake na mtoto mahali pa kujificha, na hagusi sikio la mtoto kwa kofi. Nikauliza, hata kidogo? Dada mwalimu akaniangalia. Nikaandika kwenye daftari, juu ya ile 3-5-2, sikuwa na nafasi nyingine.

Cheti nimepata, jirani, usiniulize alama. Mama watoto amekitundika sebuleni, kisha akauliza kama sasa nitakaa benchi kwa Mkapa. Nikamwambia hiki ni cha kufundishia watoto wa miaka 6 hadi 12. Akakishusha kidogo, usawa wa kalenda ya duka.

Sasa naomba D. Nimerudi kwa yule yule katibu. Anataka cheti cha grasiruti, hicho ninacho. Anataka nionyeshe mipango ya mazoezi niliyoandika mwenyewe, nayo ninayo, ina alama za chai lakini inasomeka: idadi ya watoto, ukubwa wa eneo, mipira, mambo matatu ya kusema. Halafu anataka barua ya timu inayothibitisha kwamba kweli nafundisha, imesainiwa na mwenyekiti. Shida ni kwamba mwenyekiti wa timu ni mimi. Katibu wa timu ni mimi. Mtunza mipira ni mimi, na ule mgonjwa nalala nao chumba kimoja. Nikaandika barua nzuri sana, nikamtambulisha ndugu huyu, mchapakazi, mwenye nidhamu, anayependwa na watoto. Nikaisaini. Nikaipeleka mwenyewe.

Katibu akaisoma mpaka mwisho, akanitazama, akasema inakosa muhuri.

Wewe una binamu yako anachonga mihuri pale stendi, si ndiyo?