Waraka kwa Mkurugenzi Anayetaka Tanuri Jipya

Ndugu Mkurugenzi,

Nashukuru kwa kuniamini nikuchoree ramani ya mtiririko wa mkate wako, tangu gunia la unga linaposhushwa hadi kreti inapopandishwa kwenye gari la kusambazia. Najua ulitarajia karatasi ya kuambatanisha na maombi ya mkopo wa tanuri. Niliyoichora haitakufaa sana kule benki. Na kwa kuwa nasikia wenzako wengine hapa Tanga nao wanapiga hesabu za matanuri, nimeona waraka huu uwe wa wazi, wafaidike nao bila kunilipa.

Nilianzia mlango wa kutokea nikarudi nyuma hadi ghalani, mkononi saa na mizani. Kila hatua ya kazi ina kisanduku chake. Kila mahali vitu vilipolala kati ya hatua na hatua nimechora pembetatu na kuandika idadi. Chini ya karatasi kuna mstari wa ngazi, muda wa kusubiri juu na muda wa kazi chini. Mtindo huu umetoka kwenye viwanda vya magari vya Toyota, ambako bati likisubiri saa nzima hubaki bati lile lile. Kinyunga hakina ustaarabu huo. Ukikisimamisha, hamira inaendelea kula sukari na kutoa gesi, hasa kwa joto letu hili. Kwa hiyo nakuomba usizisome dakika zote za ramani kana kwamba zina uzito mmoja.

Tulimalize la ghala kwanza. Kuna magunia 320 ya kilo 50, nawe unatumia 16 kwa siku, yaani unga wa siku 20. Bei ya jumla ina mvuto wake, sikatai, hasa muuzaji anapokuwa shemeji. Lakini mzigo mpya unapangwa mlangoni na ndio unaotumika kwanza, kwa hiyo magunia ya ukutani yana wapangaji wenye miguu sita. Pangeni ili la zamani litoke kwanza, na mpunguze oda. Pesa zako zimelala humo, ila mkate hauharibikii humo.

Mkate unaharibikia mahali ambapo wewe umeona dalili yake. Uliponipitisha mchana ulinionyesha pale mbele ya tanuri, ukasema usiku matoroli hupanga foleni, mikate inaumuka kupita kiasi na mingine inabonyea mgongo ikiguswa tu. Yule kijana mwenye tai anayeuza matanuri akahitimisha kwamba tanuri ni dogo. Foleni ni ya kweli. Nimeihesabu.

Mashine yako ya kukandia inachukua magunia mawili, na mkando mmoja, pamoja na kupakia na kupakua, ni dakika 20. Unatoka na madonge kama 373 ya gramu 450, ambayo yakiiva na kupoteza maji huwa mikate ya gramu 400. Mashine ya kukata inayamaliza kwa dakika 25. Matanuri yako mawili kwa pamoja yanabeba mkando mzima, na kuingiza, kuoka na kutoa ni dakika 32. Kwa siku unahitaji mikando minane, karibu mikate 3,000.

Sasa tazama zamu ya usiku inavyofanya. Fundi wa kukanda amepewa sifa ya kasi, tena picha yake iko ukutani pale mapokezi, basi anakanda mfululizo. Kila baada ya dakika 20 anasukuma mkando mpya kwa mwenzake anayehitaji 25, na huyo anausukuma kwa tanuri linalohitaji 32. Kila mkando unachelewa dakika 12 kuliko uliotangulia. Wa nane unakuwa umesubiri dakika 84 ambazo hakuna mapishi yaliyoziomba: 35 mbele ya mashine ya kukata na 49 kwenye chumba cha kuumulia, zaidi ya zile 55 zinazotakiwa pale.

Zile 35 zina gharama ambayo haionekani kwa macho. Mashine ya kukata hupima ujazo, haipimi uzito. Kinyunga kikijaa gesi, donge linabaki na ukubwa ule ule huku likiwa jepesi. Mwendeshaji ameligundua hilo, na kwa kuogopa mikate pungufu ameikaza skrubu upande wa kuzidisha na kuiacha hapo usiku kucha. Nilipima madonge ya kila mkando: ya mwanzo yanazidi mno, ya mwisho yanakaribia gramu 450, wastani wa ziada ni gramu 15. Zidisha kwa 3,000, unapata kilo 45 za kinyunga. Unagawa mikate 100 kila siku, na hakuna mteja aliyekuja kukushukuru.

Dawa yake haina ankara. Fundi akande kwa mwendo wa tanuri: mkando mpya uanze kila baada ya dakika 32, si kabla. Najua swali lako, kwamba tutachelewa. Hatutachelewa. Mkando wa kwanza utafika motoni dakika 100 baada ya kuanza, na kutoka hapo matanuri yanahitaji mara nane dakika 32, fundi akimbie au atembee. Mkate wa mwisho utatoka saa ile ile, ila ukiwa na mgongo wake. Ugawe pia muda wa zamu, dakika 480, kwa mikate 3,000: wateja wako wanahitaji mkate mmoja kila sekunde 9.6, na matanuri yanatoa mmoja kila sekunde 5 hivi. Hata mauzo yakipanda kwa theluthi nzima yatatosha. Yakikaribia kuongezeka maradufu, niite tena na kijana yule umwite.

Kuna kusubiri kumoja ambako kungestahili ulinzi wako, na ndiko pekee mlikokufuta. Zamu inaanza saa 4 usiku, mkate wa mwisho unatoka motoni kama saa 10 kasoro dakika chache, magari yanaondoka saa 11 alfajiri. Mkate wa slesi unahitaji kama saa mbili za kupoa kabla ya kukatwa. Mikate ya mwisho inakatwa ikiwa bado moto, kisu kinachana nyama yake, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na siku chache baadaye inakurudia ikiwa na ukungu wa kijani. Wewe umeandika kwenye daftari kwamba wenye maduka hawajui kutunza mkate. Zamu ianze saa 2:30 usiku, mkando wa mwisho utoke kama saa 8:30, upoe, ukatwe, uwahi gari. Na matanuri yawashwe wakati mkando wa kwanza uko kwenye kuumuka. Sasa yanawashwa pamoja na taa, na kwa zaidi ya saa nzima yanachoma dizeli kuoka hewa.

Dogo la mwisho: hamira iko kwenye jokofu la ofisi ya mhasibu, na ufunguo anao yeye nyumbani. Kila usiku mlinzi anatumwa kwa pikipiki kuufuata. Nimeichora safari hiyo kwa mshale mwekundu, karatasi nusura isitoshe.

Ramani nimeibandika ukutani karibu na mashine ya kukandia, chini ya tangazo lako la "Kasi ni Ibada". Ingefaa uje uisome saa 7 usiku, foleni inapoanza kunenepa. Mlinzi nimeshampa maelezo ya sura yako, asije akakuzuia getini kwa kuwa hajawahi kukuona saa hizo.

Wako mtiifu,
Mchoraji wa ramani yako