Namna ya Kushindwa Ugomvi na Kumbukumbu Ukabaki Nayo

1. Shindwa mapema. Tuseme mgao wako wa kikoba, milioni moja na nusu, ulimpa mumeo mkanunua kiwanja Pangani, kule Kibaha. Leo anakutazama usoni: "Hela ipi, Mama Asha? Siku hizi unaota mchana." Usibishane. "Haya Baba Asha, yaishe." Anapenda kushinda, mwache ashinde. Sebuleni hapo hakuna hakimu.

2. Usiku huohuo, andika kwenye daftari, kabla hajakurudia tena. Maneno ya baadaye huingia ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa kwa neno la kawaida, wengine kwa neno kali, kana kwamba magari yalipondana. Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 waliosikia neno kali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Wa neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika! Na hao waliulizwa mara moja tu. Wewe unaambiwa kila jioni. Basi weka tarehe, mahali, nani alikuwepo, na maneno yake kama alivyoyatamka.

3. Toa ushahidi nje ya nyumba. Piga picha ujumbe wa M-Pesa, ukurasa wako wa daftari la kikoba na hati ya mauziano yenye sahihi za mashahidi, umtumie dada yako. Kwenye tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938, Gas Light, mke anaona taa zikififia na mume anamfanya aamini akili yake inaharibika. Anapona pale mpelelezi anapoingia na kuiona taa ileile ikififia. Jicho la pili ndilo dawa.

4. Sasa mpime, kwa upole. Msome ujumbe pamoja. Aliyesahau kweli atashtuka: "Kumbe! Nisamehe, mke wangu." Mkanaji atahama. Kwanza hukumpa, kisha ulimpa ya chakula, mwisho tatizo ni kichwa chako. Kosa moja la kusahau lisikutishe, hesabu anavyohama. Ila kama anakupiga au anakutishia, ruka hatua hii. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.

5. Usichelewe, maana jina lililo kwenye hati lina nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, huchukulia kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja ni yake, hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Hata kama huna risiti, usikate tamaa: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mkishindwana, beba daftari lako uende Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata. Huko ukiulizwa, usieleze tabia yake. Soma tarehe.