Bei ya Herufi Kubwa

"BLENDA IMEKUJA NA MFUNIKO UMEPASUKA! RUDISHENI HELA YOTE NA FIDIA, WEZI NYIE!" Ondoa kelele, kinabaki cha kujibiwa kimoja: mfuniko. Jibu lianzie hapo: "Pole dada, mfuniko mpya utakufikia Alhamisi, nauli juu yetu. Hela yote tungerudisha kama mashine isingewaka, fidia hatutoi." Ile "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza" iachwe, maana usumbufu wenyewe ameshautaja kwa herufi kubwa. Neno "wezi" nalo lipite bila kujibiwa. Kulikana ni kufungua kesi ya pili. Bosi atasema mpe vyote anyamaze. Atanyamaza, kweli, na mteja aliyeandika kwa adabu akapewa mfuniko tu ataanza kukitafuta kitufe cha herufi kubwa.