Saa Moja ya Wapi?

Mwenye mgahawa aliniomba nimwandikie tangazo la chakula cha Valentini kwa sababu mbili: mimi ni mwalimu, na nilikuwa na deni lake la wiki tatu la bugari na samaki. "Mwalimu, tia maneno matamu," mama yule akaniambia. Nikatia. Nilijaza karatasi nzima kwa upepo wa Ziwa Albert utakaowapepea wapendanao wa Tchomia, na mshumaa utakaotetemeka kama bibi harusi. Chini kabisa, pakiwa pamebaki nafasi ya vidole viwili, nikabana: "14 Februari, saa 1, dola 20. Karibuni wote."

Mstari huo wa chini ndio uliotutoa jasho.

Ilikuwa mwaka 2024. Saa saba mchana, mama bado anaosha masufuria, kijana mmoja akaingia na mchumba wake, suti nzito, tai shingoni, jua la ziwani likimchoma utosi. Alisoma "saa 1" Kifaransa, yaani saa moja baada ya adhuhuri. Tukawapa soda, wakangoja. Saa kumi na mbili jioni wakaingia wafanyabiashara wa ng'ambo na wake zao, wamekasirika kwamba mishumaa haijawashwa. Simu zao zilikuwa zimenasa mtandao wa Uganda, na Uganda imetutangulia kwa saa nzima. Kwao ilikuwa saa moja kamili. Waliosoma nilivyokusudia mimi, saa moja jioni ya kwetu, walifika mwisho, wakakuta meza zote kumi na mbili zina wenyewe. Mimi ndiye niliyeandika "Karibuni wote", basi nikatumwa kuazima mabenchi ya shule.

Halafu bei. Kila mume alielewa kwamba dola 20 ni za watu wawili. Mama alielewa kwamba ni za kila kichwa. Bwana mmoja, kumaliza ubishi, akatoa noti ya ishirini kwa madaha. Mama akaiinua kwenye taa. Pembeni ilikuwa na mchaniko mdogo, kama imeng'atwa na sisimizi. Kwetu Kongo noti ya dola iliyochanika hata kidogo hakuna anayeipokea. Mchumba wa bwana yule alitazama pembeni, kama mtu anayehesabu upya maisha yake.

Lakini kilichotumaliza ni samaki. Mama alifikiri kama mfanyabiashara: watu wa Tchomia wanakula samaki kila siku, sikukuu watataka nyama. Akachinja mbuzi wawili, akanunua kapitene mmoja tu, wa kilo kumi na mbili. Kapitene ndiye sangara, na sangara wa Ziwa Victoria walipandwa kule kutoka ziwa letu hili, kwa hiyo huku hatumshangai. Wala mama wala mimi hatukutazama kalenda ya kanisa. Mwaka ule, 14 Februari ilikuwa Jumatano ya Majivu. Wateja waliingia wakitoka misani, majivu kwenye paji la uso, mkono umeshika mkono, na karibu kila meza ikasema neno moja: "Nyama leo hapana, mama. Tuletee samaki."

Kapitene wa kilo kumi na mbili, ukitoa kichwa, matumbo na mifupa, hubaki kama nusu. Vipande vilianza na upana wa kiganja. Kufika meza ya tisa vilikuwa na upana wa kidole gumba. Mimi na mke wangu, kwenye benchi karibu na jiko, tuliletewa kichwa. Mke wangu akakitazama, nacho kikamtazama. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu wa tatu umemwalika wewe?"

Mwaka uliofuata mama alikaa nami mezani, yeye akisema, mimi nikiandika:

"Ijumaa 14 Februari 2025. Kuingia 18:00, chakula 18:30, kufunga 20:30, saa ya Bunia. Dola 20 kwa watu wawili, noti isiyochanika, au franka kwa bei ya siku. Meza 12 tu. Lipa avansi dola 10 kabla ya saa sita mchana tarehe 13, utaje jina, simu, na samaki au mbuzi. Usipofika hadi 19:00, meza anapewa mwingine na avansi hairudi."

Kila neno lilikuwa na kovu lake. Saa ya kufunga iliwekwa mapema kwa sababu mkoa wetu ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 2021, na usiku haukuwa wa kutembea ovyo. Saa sita ya tarehe 13 ilitokana na wavuvi: wanaingia ziwani jioni, wanarudi alfajiri, kwa hiyo lazima waambiwe idadi ya samaki kabla hawajasukuma mitumbwi.

"Na mapenzi, mama?" nikauliza.

Akatazama karatasi. Chini palikuwa pamebaki nafasi ya vidole viwili.

Nikabana: "Upepo wa ziwa ni bure."