Mrija Juu ya Mwembe

Siku ya kuwaeleza wanafunzi kazi zetu, kabla yangu aliongea nesi, na kabla ya nesi aliongea askari wa jeshi la majini, sare yake nyeupe imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama peke yake. Mimi nilifika shuleni, shule ya msingi huku Msambweni, na kikapu cha mke wangu. Ndani mlikuwa na dafu, mrija, vipuri, na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi hupimia usawa wa msingi. Mwalimu alipotangaza kuwa mimi ni injinia wa mabomba ya visima, sauti ikatoka nyuma: “Kumbe fundi bomba!”

Nikatumbukiza mrija kwenye dafu. “Nikinyonya, nani anayapandisha maji?”

“Wewe!”

“Siyo mimi. Hewa imeyakalia maji haya, inayakandamiza. Nikinyonya naondoa hewa iliyomo ndani ya mrija tu. Ile ya nje inaona mwanya, inayasukuma maji yapande.” Nikawaambia kwamba hewa nayo huchoka. Haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, hata mwenye kunyonya awe ndovu wa Shimba.

Hapo ningenyamaza, ningerudi nyumbani na heshima zangu. Badala yake nikapanda mwembe.

Tawi lilikuwa mita tatu kutoka chini. Ncha moja ya mpira ilikuwa kwenye ndoo ya maji tuliyoyatia rangi ya ubuyu ili yaonekane, na nyingine kinywani mwangu. Nikavuta pumzi kwa nguvu zangu zote. Maji yakapanda hadi usawa wa kitambi cha mwalimu mkuu, yakasita, nami nilipofungua kinywa kupumua yakarudi ndooni. Nikavuta tena. Safari ya tatu macho yalinitoka, na nesi akaanza kusogea karibu.

“Mjomba, teremka nijaribu mimi,” akasema msichana wa gredi ya tano.

Alipanda kama tumbili. Hakuvuta kwa kifua. Alivuta funda dogo kwa mashavu, akaziba mpira kwa ulimi, akapumua kwa pua, akavuta tena. Kila alipoziba, maji yalining'inia palepale yakimngoja. Dakika haikuisha, akatema ubuyu juu ya viatu vyangu.

Nikiri kwamba nimelipa karo miaka mingi kujifunza jambo ambalo mtoto yule alikuwa nalo kinywani. Ule ulimi ndio vali. Bila kitu cha kuyashika maji yaliyokwisha kupanda, kila pumzi unaanza upya.

Nikawaonyesha Afridev, bomba wanalolipiga kila siku, ambalo majaribio yake yalifanyika hapahapa Kwale miaka ya 1980. Kwa kuwa hewa huishia mita 10, wabunifu wake hawakuiweka pistoni juu, kwenye mkono. Waliishusha kwa vyuma virefu hadi ndani ya maji yenyewe. Huko chini pistoni haiombi msaada wa hewa, inayabeba maji kama mtu abebavyo mtungi, hata kisima kiwe na mita 40. Chini yake kuna vali ya mguu, ulimi wa bomba. Ukitaka kuitengeneza hung'oi mabomba. Unaivua kwa vile vile vyuma, kama samaki, na spana moja inatosha kazi nzima.

“Sasa, ulimi ukivuja utajuaje nawe uko juu?” Nikainua kipete cheusi cha mpira, kipana kama bangili ya mtoto. “Hiki huziba pembeni mwa vali. Kikichakaa, maji hushuka polepole usiku kucha. Asubuhi utapiga bomba weee kabla ya tone la kwanza, kisha yatatoka vizuri tu mchana kutwa. Lakini kama maji ni haba asubuhi hata jioni, mshuku mpira wa pistoni, si vali.”

Kimya. Kisha yule msichana, bado ana ubuyu kidevuni: “Letu asubuhi ni mara 27. Mchana ni mara mbili.”

“Vizuri sana! Basi bomba lenu lina tatizo gani?”

“Vali ya mguu!” shule nzima ikajibu.

“Na nani alilitengeneza mara ya mwisho?” nikauliza, nimenogewa.

Walimu wakatazamana. Nikakumbuka ilikuwa mwezi uliopita, jua kali, na gari lilikuwa likinipigia honi. Nikakitazama kipete mkononi. Kilikuwa kipya, kinang'aa, hakijawahi kugusa maji. Nikaitoa kikapuni karatasi niliyokifungia. Juu yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, paliandikwa jina la shule.

Mwalimu mkuu akakohoa. “Spana, Bwana Injinia, iko ofisini.”