Jina la Mjomba, Uso wa Mgeni

Baba watoto anafanya kazi mgodini upande wa Fungurume na kulala kambini, na binti yetu wa miaka minane hakubali kulala mpaka amwone usoni. Kwa ajili yake tukatenga simu ya nyumba. WhatsApp haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe, kwa hiyo laini na akaunti ni zangu, na simu inakaa kwangu. Humo tulitaka majina matano tu: baba, bibi wa Likasi, mjomba, tantini wa Lubumbashi na yaya yake anayesoma huko.

Yaya mtu, aliyekuwa likizo Kolwezi, ndiye aliyeiwasha, na akaifungua kwa anwani yangu ya Google. Chai haijapoa, daftari la simu likajaa wateja wangu wote wa vitenge, madereva wa Kasumbalesa na fundi wa mabati. Akaanza kuwafuta mmoja mmoja. Jioni nataka kumwita mteja kwa simu yangu ya biashara, simwoni: anwani moja ya Google hubeba daftari moja, na jina likifutwa huku linafutika na kule. Tuliyarudisha kupitia contacts.google.com, mahali ambapo unaweza kutengua mabadiliko ya hadi siku 30 zilizopita. Kisha kwenye simu ya nyumba tukazima ulinganishaji wa majina, tukaondoa anwani yangu, na majina matano yakaandikwa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe.

Hapo ndipo vizuizi vya WhatsApp vinapoanza kuwa na kazi. Unaingia Paramètres, halafu Confidentialité. Kwenye Appels unawasha kizuizi cha kunyamazisha wasiojulikana, na kwenye Groupes unachagua Mes contacts ili mgeni asimvute mtoto kwenye kundi. Kwa WhatsApp, anayejulikana ni kila aliyemo daftarini, na ndiyo sababu ya kuanza na daftari. Tena simu iliyonyamazishwa hailii, lakini inabaki kwenye orodha ya simu zilizoingia, na kidole cha mtoto kinaweza kuirudishia. Mimi huzifuta kabla ya kumpa simu.

Pamoja na hayo yote, Jumapili moja jioni jina la mjomba likatokea kwenye kioo. Binti akapokea kwa furaha. Akatokea mwanaume tusiyemjua, muziki unapiga nyuma yake, akauliza, “Wewe mtoto wa nani? Munakaa wapi?” Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nikaichukua simu nikakata.

Mjomba alikuwa ameiacha laini ile kitambo bila kutuambia. Laini ikilala muda mrefu, kampuni huifunga na kuiuza tena, na aliyeinunua alikuta binti yetu amemwita mara kadhaa. Hakuna kizuizi kingemkamata, maana namba ilikuwa daftarini, yenye jina la ndugu. Dalili zilikuwepo. Picha ya mjomba ilikuwa imetoweka: akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha namba ile ikafunguliwa kwenye simu nyingine, WhatsApp huondoa picha na maelezo ya zamani. Na ukiwasha Notifications de sécurité chini ya Compte, unapata ujumbe kwamba msimbo wa usalama wa mtu fulani umebadilika. Ujumbe huo hutokea pia ndugu akinunua simu mpya, kwa hiyo peke yake hauthibitishi kitu. Unakuambia uulize.

Sasa kuuliza ni kazi yangu. Picha ikitoweka au msimbo ukibadilika, namwita mwenye namba kwa simu yangu kwanza, kwa sauti, na namuuliza jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua. Mjomba mwenyewe aliulizwa jina la mbwa wa marehemu babu kabla namba yake mpya haijaandikwa. Alinuna kidogo, akajibu.

Binti hukaa sebuleni, mgongo kwenye ukuta mtupu, ili kamera isionyeshe geti wala yunifomu ya shule. Sauti iko wazi, bila visikilizio vya masikioni. Nilijaribu kuibandika WhatsApp kwenye kioo ili asitoke bila namba ya siri. Inamzuia kwenda kwenye programu nyingine, lakini ndani ya WhatsApp bado anafungua mazungumzo yoyote, basi haichukui nafasi ya mtu mzima kitini.

Shida iliyobaki ni umeme. Ukikatika Lubumbashi na simu ya tantini ikazima, yeye huazima ya jirani na kutuita kwa namba tusiyoijua. Hiyo haipokelewi. Ananitumia ujumbe mimi, na mtoto anamwona kesho yake, mega zikiwepo.